Daftari la Misisi: hatimaye nyekundu na bluu zina majina!

Jamani, nimelifungua! Daftari la rangi lililoshonwa na fundi mmoja wa cherehani hapa Misisi limewekwa mezani wiki hii, na mimi ni miongoni mwa wa kwanza kuligeuza kurasa. Ukiliangalia kwa nje ni daftari la kawaida la wanafunzi, jalada limelainika pembeni. Fungua sasa! Kila ukurasa una vipande vya kitambaa vyenye upana wa vidole viwili, vimeshonwa kwa upande mmoja tu ili uweze kuviinua na kuona mgongo wake. Chini ya kila kipande, kwa kalamu ya biki, kuna jina. Hakuna "nyekundu namba moja, nyekundu namba mbili". Ni mawese ya juu, udongo mkavu, damu ya mzee, marijani. Ukigeuza upande wa pili unakutana na bluu ya masomo, nili, mrututu, bawa la mdiria. Daftari zima ni la rangi mbili tu, nyekundu na bluu, kwa sababu fundi anasema ndizo zinazomletea magomvi na wateja kuliko nyingine zote.

Na kweli, nani hapa hajayaona magomvi hayo? Misisi ni mji wa dhahabu. Pesa ikiingia, harusi zinapangwa, nyumba zinapakwa rangi, mama anataka rido mpya kabla ya wageni. Lakini vikwembe vingi vinapanda kutoka Baraka, na vya Baraka vimeshuka kutoka Uvira au vimevuka ziwa. Basi mtu anapiga simu: "Nitumie kitenge chekundu." Muuzaji wa Baraka naye anatazama rafu yake, anaona vyekundu chungu nzima, anachagua anachokipenda yeye. Mzigo unafika baada ya barabara kumaliza ukatili wake, unafunguliwa, na bibi harusi anabaki anatazama rangi ya nyanya wakati moyoni mwake alikuwa anaona rangi ya divai. Muuzaji hakudanganya. Aliombwa chekundu, akatuma chekundu.

Ndipo daftari hili linaponipagawisha. Fundi amegundua kwamba jina la rangi linalotegemewa linahitaji mambo matatu: kitu ambacho pande zote mbili za simu zinakijua, hali ya kitu hicho, na mahali pa kukitazamia. Ukikosa moja, jina linaanza kuteleza. Na hakuna ukurasa unaoonyesha hilo vizuri kuliko ule wa mawese, kwa hiyo acha nikae hapo kidogo.

Mawese ndiyo nyekundu yetu wenyewe. Pwani yote ya Fizi, kuanzia Baraka kushuka kusini, inakamua mawese, na hakuna jiko lisilokuwa na chupa yake. Ungefikiri "rangi ya mawese" inatosha. Haitoshi hata kidogo! Chukua chupa iliyolala usiku wa baridi, isimamishe mezani asubuhi. Utaona imegawanyika: chini kuna mafuta yaliyoganda, mazito, yenye rangi ya chungwa iliyofifia, juu kuna mafuta mepesi, mekundu, yanayong'aa. Chupa moja, rangi mbili. Sasa mimina kidogo kwenye sufuria na uyachemshe sana kama wanavyofanya wapishi wengine kabla ya kukaanga: wekundu unakimbia, unabaki na manjano. Wekundu ule unatokana na karotini, rangi ile ile ya karoti, na karotini haivumilii moto mkali wala jua la muda mrefu. Kwa hiyo fundi ameandika majina mawili tofauti chini ya vipande viwili tofauti. Kimoja ni "mawese ya juu", nyekundu yenye joto inayoelekea chungwa lakini bado nyekundu. Kingine ni "mawese ya chini", chungwa lenye maziwa, zuri ajabu kwa rido za chumba kinachopata jua la asubuhi. Na mbele ya yote mawili ameongeza: "chupani, nje". Maana yake, shika chupa juani, usiitazame jikoni. Muuzaji yeyote wa Baraka anaweza kufanya hivyo akiwa dukani kwake, simu sikioni! Nimelisoma jina hilo nikapiga makofi peke yangu.

Ukurasa unaofuata ni wa udongo, na huu ni wa watu wa nyumba. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoozea ndani yake, kutu tupu, na kama kutu yoyote unabadilika ukilowa. Kipande cha "udongo mkavu" ni chekundu kilichopauka, karibu na tofali lililochomwa. Cha "udongo wa shimo" ni kile ambacho wachimbaji wanatoka nacho kwenye suruali: kizito, cha kahawia ndani ya wekundu. Udongo ni uleule, tofauti ni maji tu. Fundi hashauri udongo wa shimo kwa ukuta hata siku moja, na sababu yake nimeipenda sana. Nyumba nyingi hapa hupakwa rangi mbili, ya giza chini mpaka usawa wa kiuno, ya mwanga juu. Ukanda wa chini ndio unaokula vumbi la barabara na matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini. Ukiupaka udongo wa shimo, vumbi likikauka juu yake linaonekana kama mabaka. Ukiupaka udongo mkavu, vumbi linatua juu ya rangi yake lenyewe na ukuta unaonekana safi mpaka Jumapili. Hivyo jina la rangi linamwambia mpaka-rangi hata sababu ya kuichagua.

Sasa njoo kwenye nyekundu za giza. Hapa wengi wetu tumezoea kusema bordo, neno lililotufikia kwa Kifaransa pamoja na divai yake. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, na hata Kenya, wana jina ambalo fundi amelichukua bila kuomba ruhusa: damu ya mzee. Ni jina kali, halisahauliki, na linamfaa mtu anayetaka sare ya heshima. Kipande chake ni cha pamba nzito, na fundi alikataa kunionyesha ndani ya kibanda. "Yaya, usikihukumu hapa," aliniambia, "tutoke kwanza." Tulitoka. Juani kilikuwa chekundu kabisa, kilichoiva. Kisha akaniomba nirudi jua likizama, na hapo nikaona kitu ambacho bado kinanizungusha kichwa: kile kipande cha damu ya mzee kilikuwa karibu cheusi, huku kipande cha bluu cha ukurasa wa pili, ambacho mchana kilikuwa kimepoa, kikionekana chenye mwanga kuliko vyote.

Hayo si mazingaombwe. Mwanasayansi wa Kicheki, Purkinje, aliyaeleza karne ya 19, na hali hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwanga ukipungua, macho yetu yanaacha kutumia sehemu inayoona rangi vizuri na kuanza kutumia ile inayoona usiku, na hiyo ya usiku haisikii wekundu, inasikia bluu na kijani. Kwa mvaaji maana yake ni moja tu. Sherehe ya jioni yenye taa chache inaimeza damu ya mzee. Kama harusi itaendelea mpaka usiku na taa ni za jenereta moja, chagua marijani, ile nyekundu ya wazi yenye chembe ya waridi iliyopewa jina la marijani ya baharini, au weka pindo la rangi ya mwanga shingoni. Fundi ameandika hilo pembeni ya kipande: "ya mchana". Maneno mawili tu, na yameokoa gauni!

Lakini kuna jina moja daftarini ambalo lazima nilipigie kelele, maana ni zuri na ni la hatari. Jina lenyewe ni bendera. Katika biashara ya zamani ya pwani, bendera ilikuwa pia jina la kitambaa chekundu cha pamba, kwa sababu bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Kitambaa hicho kilisafiri na misafara mpaka Ujiji, na kutoka Ujiji kikavuka ziwa mpaka pande zetu. Kwa mzee wa pwani, "nguo ya bendera" ni nyekundu, basi. Mwambie mtu wa Misisi "rangi ya bendera" uone atakachokuletea. Bendera ya Kongo, ile tuliyo nayo tangu Februari 2006, ni bluu ya anga, yenye mstari mwekundu wa mshazari uliopakana na manjano, na nyota ya manjano pembeni. Hata ile ya Dola Huru ya Kongo, enzi za Leopold, ilikuwa bluu yenye nyota ya manjano. Ukiacha ile ya kijani ya enzi za Zaire, kwetu bendera ni bluu tangu babu! Neno moja, ziwa moja, rangi zinazopingana. Fundi ameliweka kwenye ukurasa wa nyekundu na kuongeza "ya Unguja". Nakubali, ila ningemwomba asilitumie kwenye simu kabisa. Jina likihitaji somo la historia kabla ya kueleweka, lifae kwenye jarida kama hili, lisifae kwenye oda.

Tukiwa bado kwenye misafara, acha niseme kwamba majina ya aina hii si mageni kwenye mwambao wetu. Mwaka 1858, Burton na Speke walifika Ujiji, kisha wakapanda ziwa kuelekea Uvira, wakipita Ubwari, ile rasi inayoikabili Baraka, ambayo Burton aliidhani kisiwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliandika majina ya shanga zilizokuwa fedha ya njia hizo. Shanga nyekundu za thamani kuliko nyingine, nyekundu iliyofunikwa juu ya kiini cheupe, ziliitwa samsam, lakini wauzaji walikuwa na majina mengine: kimara pamba, yaani kinachomaliza chakula, kwa sababu mtu angetoa posho yake ili azipate, na kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozitamani. Hebu fikiria! Hakuna neno nyekundu ndani ya majina hayo, na bado kila aliyeyasikia sokoni aliiona rangi. Wauzaji walikuwa wanaitaja nyekundu kwa kile inachomfanyia mtu anayeitazama. Daftari la Misisi bado halina jina la namna hiyo, na nadhani ndilo pengo lake kubwa upande wa wekundu. Mtu aliyetengeneza "mawese ya juu" anaweza kabisa kutuletea kivunja mji cha leo.

Haya, tugeuze. Upande wa bluu!

Ukitulia utagundua kwamba Kiswahili kimezipa rangi hizi mbili maisha tofauti. Nyekundu ni ya nyumbani. Inabadilika na nomino yake: kitenge chekundu, pazia jekundu, ukuta mwekundu, viatu vyekundu. Bluu haibadiliki. Ni kitenge cha bluu, pazia la bluu, ukuta wa bluu. Daima inakuja na -a unganifu mbele, kama mgeni anayesindikizwa. Na hiyo ndiyo bahati yake, kwa sababu baada ya -a hiyo unaweza kuweka kitu chochote. Majina ya zamani ya bluu yote yalikuwa vitu: nili ni mmea na rangi inayotoka humo, samawati ni mbingu, feruzi ni jiwe. Kwa hiyo fundi hakulazimika kuvunja mlango wowote, aliingia tu na vitu vyetu.

Anayeongoza ni bluu ya masomo, na ninaamini hii itaenea nchi nzima. Kila mtoto wa Kongo amevaa bluu na nyeupe kwenda shule. Bluu ile nzito ya sketi na suruali haihitaji maelezo kwa mtu yeyote, kuanzia Misisi mpaka Kisangani. Fundi ameitega vizuri kwa hali yake: kuna "masomo mapya", bluu ya giza iliyonyooka, na kuna "masomo ya mwaka wa tatu", ambayo jua na sabuni vimeifikisha kwenye bluu ya kijivu. Ya pili ni ya kushangaza kwa mito ya viti na kwa kitambaa cha meza! Ni bluu iliyotulia, haigombani na ukuta wa udongo mkavu. Ningeinunua leo kama ningeikuta imefungwa kwenye balo.

Nili ameipa nafasi ya kitaalamu zaidi, na inastahili. Kwenye kitenge cha wax wa kweli, utaratibu wa zamani ni huu: kitambaa kinapigwa utomvu pande zote mbili kwa mchoro, kinazamishwa kwenye nili, kisha utomvu unaondolewa. Pale utomvu ulipopasuka, nili inapenya na kuacha mishipa midogo ya bluu isiyojirudia. Rangi nyingine, nyekundu ikiwemo, zinafuata baadaye. Kwa hiyo ukiona nyekundu juu ya kitambaa hicho, tafuta mahali inapokanyaga nili. Pale panatokea rangi ya tatu, karibu nyeusi, na muuzaji asiyeitaja anakutajia nusu ya kitenge. Fundi anaiita kaniki, jina la ile nguo ya giza ya zamani, bluu iliyokaribia weusi. Nimefurahi mpaka nimesimama! Rangi iliyokuwa haina jina kwenye maelezo yetu yote imepewa jina lililokuwa limekaa bila kazi.

Mrututu ni bluu ya yale mawe ya dawa ya kunyunyizia mimea, kali na ya baridi, na sijaona kitu kinachofaa kuikaribia isipokuwa vitasa na milango. Bawa la mdiria ni ya yule ndege mdogo anayevizia samaki ufukweni, bluu inayometa. Hapa nina shaka. Kumeta si rangi, ni jinsi mwanga unavyorudi, na kipande alichokishona ni cha setini. Bluu hiyo hiyo kwenye pamba haitameta, na mteja atasema amedanganywa. Jina hili lisitajwe bila kutaja kitambaa chake.

Sasa nikueleze jinsi daftari lilivyofanya kazi kwenye oda halisi, kwa sababu uzuri wa majina mezani hauthibitishi kitu. Kundi la akina mama lilitaka sare ya harusi ya mchana: damu ya mzee iwe msingi, maua ya nili. Fundi alikata kipande cha daftari katikati, nusu ikabaki, nusu ikashuka Baraka na motari ndani ya bahasha. Pamoja nayo alituma ujumbe, na nimeruhusiwa kuunakili: "Wax, yadi sita kwa kila mmoja. Msingi damu ya mzee kama kipande, utazame nje, saa sita mchana. Maua ya nili, mishipa ionekane. Pale msingi unapokanyaga maua iwe kaniki. Mgongo ufanane na uso." Soma tena. Hakuna sentensi inayomwachia muuzaji nafasi ya kubahatisha, na hakuna neno ambalo mwenye duka la vitenge asingelijua.

Kwa nini hakutuma picha tu? Kwa sababu ya paa. Vibanda vingi sokoni vimefunikwa turubai la bluu, na mwanga unaopita humo umeshachujwa, wekundu wake mwingi umebaki juu. Kitambaa chekundu chini yake kinaonekana cha kahawia na kizito kuliko kilivyo. Simu nayo ikipiga picha inajaribu kusahihisha mwanga kwa akili yake, mara nyingi inazidisha upande mwingine, na skrini ya anayepokea ina rangi zake. Picha moja, mikono mitatu imeigusa kabla haijakufikia. Kipande cha kitambaa hakiguswi na yeyote njiani.

Mzigo ulipofika, ukaguzi ulifanyika nje. Fundi alichukua karatasi nyeupe yenye matundu mawili madogo yaliyo karibu, akaweka nusu ya kipande chini ya tundu moja na kitenge kipya chini ya jingine. Karatasi inaficha mchoro na rangi za jirani, jicho linabaki na nyekundu mbili tu. Piga ua, tofauti hata ndogo inajitokeza! Vitenge vyote vilipita isipokuwa kimoja, ambacho kilivuta kuelekea marijani, chembe ya waridi ndani yake. Bila karatasi nisingeona. Baadaye akalowesha pembe ya kila kitenge, akaibana na kitambaa cheupe kwa kidole gumba. Kile kile kilichokuwa na waridi kiliacha doa jekundu. Wekundu unaotoka kwa maji leo utatoka kwa sabuni kesho, na damu ya mzee itakuwa nyanya kabla ya mtoto wa kwanza wa harusi hiyo kuzaliwa. Kilirudishwa, na muuzaji hakubisha, kwa sababu nusu ya kipande alikuwa nayo yeye pia.

Ni hapo nilipoelewa kwa nini daftari linastahili kelele zote hizi. Majina yanampa mnunuzi na muuzaji kitu kimoja cha kushika, wakagombana juu yake badala ya kugombana wao kwa wao.

Yapo ya kurekebisha. Vipande vyenyewe vinapauka. Daftari likiachwa wazi mezani kila siku, mwakani "mawese ya juu" haitakuwa mawese tena. Lifungwe, lifunikwe na nguo nene, na vipande vibadilishwe kutoka kwenye balo mpya kila inapowezekana. Kurasa za bluu zina nafasi wazi nyingi kuliko za nyekundu, na ni aibu kwa watu wenye ziwa letu. Ukisimama Baraka asubuhi, maji ya ufukweni juu ya mchanga ni feruzi safi. Tazama mbele kidogo kuelekea Ubwari, pale kina kinapoanguka, ni nili. Bluu mbili zipo kwenye mtazamo mmoja na daftari halina hata moja yenye jina la ziwa! Fundi anasema anaogopa kwa sababu ziwa hubadilika na mawingu. Ni kweli, lakini mawese pia yalibadilika, naye akayafunga kwa kusema "ya juu, chupani, nje". Ziwa nalo lingefungwa vivyo hivyo: "ziwa la kina, saa nne, bila wingu".

Hukumu yangu ni kwamba upande wa nyekundu, ukiacha bendera, uko tayari kutumika leo, kwa nguo na kwa nyumba. Upande wa bluu utumie bluu ya masomo, nili na kaniki bila hofu, mrututu kwa uangalifu, na bawa la mdiria uliache mpaka liandikwe na kitambaa chake. Ukienda kuliona, nenda kati ya saa nne na saa nane mchana, na umwombe fundi mtoke nje ya kibanda.

Na ombi moja kwa wasomaji wa Fizi, Baraka na pwani yote mpaka Kalemie. Fundi anatafuta kipande cha kaniki ya zamani, ile ya kweli, hata upana wa vidole viwili, ili akishone pale ambapo sasa ameweka kipande cha kufananisha. Kama bibi yako ana sanduku, tafadhali, mwombe alifungue.